Hadithi ya katuni ya dakika moja haikai sawa: dalili, sababu na namna ya kuirekebisha

Wengi wanaoniletea wazo la katuni fupi hutaka niwaangalie michoro. Mimi huwaomba waifunike kwanza, wanisimulie hadithi kwa mdomo. Hapo ndipo hitilafu hujitokeza, na kwa muda wote ambao nimefanya kazi hii hapa Mombasa, hitilafu zenyewe ni zilezile chache zinazojirudia. Nimezipanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na kipimo chepesi kimetangulia kabla ya matengenezo makubwa.

Kuna sababu ya kuzitafuta mapema. Dakika moja kwa fremu 24, yaani picha 24 zinazopita kila sekunde, ni fremu 1,440. Hata ukiacha kila mchoro ukae fremu mbili, kama wachoraji wengi wanavyofanya, bado una michoro 720. Anayemaliza michoro 40 kwa siku atahitaji siku 18 bila kupumzika. Kosa la hadithi likigunduliwa kwenye karatasi linakugharimu kifutio. Likigunduliwa baada ya kuchora, sekunde kumi unazozitupa ni michoro 120, yaani siku tatu za kazi yako.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kijana mmoja wa Majengo alikuja akaniambia, "Dada, nina hadithi ya muuza kahawa wa Mji wa Kale na mjukuu wake, na vile mila zetu zinavyopotea." Alikuwa ameshachora uchochoro, baraza na dele la shaba la kubebea kahawa, lenye makaa chini yake, na alikuwa amelichora vizuri sana. Hadithi ndiyo iliyokuwa haijafika.

Dalili ya kwanza: ukiulizwa inahusu nini, unajibu kwa mada

"Inahusu mila." "Inahusu upweke." "Inahusu bahari na sisi." Msikilizaji anaitikia kwa kichwa, kisha hana swali la kuuliza. Kimya hicho ndicho dalili. Hadithi iliyokaa sawa humfanya mtu aulize, "Ehe, ikawaje?"

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba mada imekalia kiti cha mhusika. Kipimo ni sentensi moja ya kujaza: *Fulani anataka kitu hiki kabla ya jambo lile, lakini hiki kinamzuia.* Ijaze kwa kalamu bila kuongeza sentensi ya pili. Kijana wangu alijaza hivi: "Mzee anataka mila iheshimiwe kabla haijapotea, lakini vijana hawajali." Sehemu zote zimejazwa, ila hakuna hata moja inayochorika. Mila ikiheshimiwa inaonekanaje? Anayejua ni yeye peke yake.

Hii ndiyo sababu ya pili, na hufuatana na ya kwanza kama pete na kidole: mhusika anataka hali badala ya kitu. Furaha, heshima, amani na kukubalika ni hali. Jiulize kama unaweza kuchora picha moja tu ya wakati ule anapokipata anachokitaka, na mtu asiyejua lolote akaitazama na kusema, "Amekipata." Kama huwezi, shuka ngazi mpaka ufike kwenye kitu cha kushikwa. Nilimuuliza kijana muuza kahawa anataka nini leo jioni, leo hii, kabla ya kurudi kulala. Akacheka, akasema, "Anataka dele liishe." Basi. Dele likiwa tupu, linachorika: unaliinua, unaliinamisha, tone la mwisho linaanguka.

Sababu ya tatu hutokea mara chache, lakini ikitokea inasumbua zaidi: hadithi ina wenyewe wawili. Hapa kulikuwa na babu na mjukuu, na kijana aliwapenda wote sawa. Dakika moja haibebi wawili. Kumpata mwenye hadithi, angalia nani atalazimika kuchagua jambo gumu karibu na mwisho. Babu anajua kazi yake, wateja wanamjua, hana cha kuchagua. Mjukuu akishika dele kwa mara ya kwanza, kila hatua ni mtihani kwake. Tukampa mjukuu hadithi, na babu tukamuweka mwanzoni na mwishoni kama kizingiti na dari.

Kiini kikawa hiki: *Babu akizidiwa na kikohozi, mjukuu anabeba dele na anataka kuliuza lote kabla makaa hayajazimika, lakini hawezi kuvigonganisha vikombe vya kuita wateja kama babu, na wazee wa barazani hawageuki.*

Ukilinganisha na ile ya mwanzo, mila haijatoweka. Imeingia ndani ya mlio wa vikombe, na huko inasikika.

Dalili ya pili: matukio yapo mengi, lakini mtazamaji hashikwi

Kipimo cha kwanza ni cha dakika tano. Andika kila tukio kwenye kipande chake cha karatasi, uvipange mezani, na katikati ya kila viwili weka neno linaloviunganisha. Ukiona "kisha… kisha… kisha," umepata hitilafu. Unatafuta "lakini" na "kwa hiyo." Rasimu ya kijana ilikuwa: mjukuu anapita kwenye nyumba zenye milango ya nakshi, kisha anapita muuza mabuyu, kisha tuktuk nusura imgonge, kisha anafika barazani. Matukio manne mazuri, na ukiyabadilisha mpangilio hakuna kinachoharibika. Tukio linaloweza kuhamishwa bila kuumiza kitu halijawa sehemu ya mgogoro bado.

Tulibakisha baraza peke yake, na tukapanga upya. Mjukuu anagonganisha vikombe kama babu, *lakini* mlio unatoka umepinda na wazee hawainui macho kwenye bao. *Kwa hiyo* anagonga kwa nguvu zaidi. Mzee mmoja anageuka, anamtazama, anarudi kwenye kete zake. *Kwa hiyo* anagonga kwa nguvu kupita kiasi, *na* vikombe vinamponyoka, vinavunjika vyote isipokuwa kimoja. *Kwa hiyo* mlio wa babu hauwezekani tena, maana kikombe kimoja hakigongani na chenzake.

Hapo mgogoro umekaza. Kila jaribio limezaa hali mbaya kuliko ile iliyotangulia, na mkono uliomponza ni wake mwenyewe. Sababu nyingine ya hadithi kupwaya ni kinyume cha haya, yaani balaa linalodondoka tu kutoka juu. Tuktuk kumgonga mjukuu kungevunja vikombe vilevile, lakini mtazamaji angemhurumia na kuishia hapo. Akivivunja mwenyewe kwa kutaka mno, tunamhurumia na pia tunajiona.

Kama umeunganisha vizuri na bado hakuna anayeshikwa, angalia kama kuna kikomo cha muda ambacho kinaonekana. Sisi tulikuwa nacho bure: makaa. Chora makaa mara tatu, mekundu, kisha yaliyoanza kufunikwa na jivu, kisha jicho moja tu lililobaki, na hakuna haja ya saa ukutani wala mtu wa kusema "fanya haraka."

Sababu ya mwisho katika dalili hii naieleza kwa kirefu, kwa sababu sisi tunaoandika kwa Kiswahili hutunasa kuliko wengine. Ni migogoro miwili ndani ya dakika moja bila mwandishi kujua. Kiswahili hakikulazimishi kusema kama mjukuu ni wa kike au wa kiume. Unaandika "anabeba dele, anagonga, anaanguka" kutoka mwanzo hadi mwisho na hadithi inaeleweka. Penseli haina ruhusa hiyo. Kijana alimchora msichana, na alipowaonyesha jirani zake, watatu kati ya wanne walisema wazee wanakataa kugeuka kwa sababu muuzaji ni msichana, maana kazi ile wameizoea ikifanywa na wanaume. Hilo ni jambo zito, na ni hadithi nzuri. Lakini ikiwa ndiyo hadithi, mlio wa vikombe hauna kazi, na mwisho wa mlio hauwezi kuifunga. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuandika ile ya msichana mpaka mwisho wake, au kumvika mjukuu kofia na kuacha kizuizi kimoja. Alichagua kofia, na ile nyingine ameiweka kwenye daftari lake.

Kwa hiyo soma rasimu yako kwa mara nyingine ukitazama kitu ambacho lugha haikukiuliza: umri, jinsia, mavazi, nani amekaa na nani amesimama. Michoro itakijibu hata kama wewe hujaamua.

Dalili ya tatu: dakika haitoshi

Hii ni fupi. Simama, washa kipima muda cha simu, uigize hadithi kwa mwili wako kwa mwendo wa kawaida. Usisome, igiza. Kuinua dele, kutembea hatua sita, kugeuka, vyote vina sekunde zake. Waandishi wengi wakifanya hivi mara ya kwanza hufikia dakika mbili na nusu.

Mara nyingi sababu ni mwanzo mrefu. Mgawanyo unaonifaa ni huu: tujue nani anataka nini kabla ya sekunde ya 12, kizuizi kionekane kabla ya 20, hali mbaya kabisa iwe kati ya 30 na 35, uamuzi karibu na 42, na sekunde nane za mwisho ziwe za picha moja au mbili tulivu. Kijana alitumia sekunde 25 kuonyesha Mji wa Kale kabla ya mtu yeyote kukohoa. Mahali panajitambulisha nyuma ya tendo. Mlango wa nakshi unaonekana vilevile mjukuu akiwa anapita mbele yake na dele mkononi.

Mara chache zaidi sababu ni maneno. Mtu akisema mstari mmoja wa kawaida umetumia sekunde tatu, na mara nyingi picha ilikuwa imeshausema. Futa mazungumzo yote kwa jaribio, kisha rudisha yale tu ambayo bila hayo mtazamaji anapotea. Kwetu hakukurudi hata neno moja.

Dalili ya nne: mwisho unaanguka

Watu wanakwambia "nzuri, nzuri," kisha wanauliza kama kuna sehemu ya pili. Au wanatazama mpaka sekunde ya 50 na kuanza kuzungumza mambo mengine. Mwisho haujafunga kile kilichofunguliwa.

Rasimu ya kwanza ilimalizika hivi: babu anapona ghafla, anatokea uchochoroni, anachukua vikombe vingine na kugonga, wazee wote wanageuka, na mjukuu anasema, "Tusisahau utamaduni wetu." Ina hitilafu mbili kubwa katika sentensi moja.

Ya kwanza, ambayo naikuta zaidi ya zote, ni mwokozi. Mtu mwingine ametatua shida ya mhusika. Kipimo: mwondoe mhusika mkuu katika sekunde 15 za mwisho. Kama mambo bado yanatengenea, basi mwisho si wake. Tulimwondoa mjukuu, na babu aliuza kahawa yake vizuri kabisa.

Ya pili ni mafunzo yanayotamkwa. Nafahamu kwa nini yanatuvuta, kwa sababu hadithi tulizosimuliwa utotoni zilimalizika hivyo, na msimulizi alikuwa na haki hiyo kwa kuwa alikuwa amekaa mbele yetu na usiku ulikuwa mrefu. Katika dakika moja ya picha, sentensi ya mafunzo humwambia mtazamaji kwamba hukuiamini picha yako. Ifute, kisha mwulize mtu ameelewa nini. Akisema karibu na ulichokusudia, haikuhitajika. Akisema kitu kingine kabisa, tatizo liko juu zaidi, kwenye mgogoro, na sentensi ile ilikuwa kiraka.

Kutengeneza mwisho huanzia nyuma. Rudi sekunde kumi za kwanza utafute kitu ambacho mhusika tayari anacho lakini hakukithamini. Kama hakipo, kipandikize hapo. Kwetu hakikuwepo, kwa hiyo tukaongeza: babu anapuliza makaa, na nyuma yake mjukuu anagonga kijiko kwenye ndoo akijichezea, *ta-ta, ta*. Babu anamkazia jicho, mjukuu anaacha. Ni sekunde tatu tu, na mtazamaji anaona utundu wa mtoto, haoni ufunguo.

Sasa twende kwenye sekunde ya 35. Vikombe vimevunjika, kimebaki kimoja. Mjukuu amekaa chini. Upande mmoja ni njia ya nyumbani, upande mwingine ni baraza. Makaa yamebaki jicho moja. Hapa lazima achague, na chaguo liwe na gharama: akirudi ameshindwa, akibaki hawezi tena kuwa kama babu. Anasimama. Anagonga kikombe kile kimoja kwenye ubavu wa dele, *ta-ta, ta*. Mkono wa mzee uliokuwa ukipanda kete unasimama hewani. Mzee anasogea barazani kumpisha nafasi. Wazee watano wanakunywa kwa zamu, kikombe kilekile kikizunguka. Dele linainamishwa, tone linaanguka.

Kijana alitaka kumalizia hapo, na ningemruhusu. Kitu anachokitaka mjukuu kimepatikana na kimeonekana. Lakini tulikuwa na sekunde nane, na swali la mila alilokuja nalo lilikuwa bado halijajibiwa. Akakaa kimya kitambo, kisha akachora picha hii mwenyewe: jioni inayofuata, babu amepona, analiinua dele, mkononi ana vikombe viwili vipya. Anavitazama. Anakiweka kimoja chini, na kwa kile kilichobaki anagonga ubavuni, *ta-ta, ta*.

Sikuongeza kitu.

Kupima mwisho uliokwisha tengenezwa, waonyeshe watu watatu michoro ya rasimu tu, michoro kama kumi na mbili hivi, bila maelezo. Waombe wakusimulie walichokiona. Usiwaulize kama wameipenda. Ukisikia kutoka kwa wawili nani alitaka nini, nini kilimzuia na alichagua nini, anza kuchora. Wakitofautiana, tafuta mchoro ambao walianza kutofautiana. Kwetu ilikuwa wazee kunywa kwa zamu: mmoja alidhani ni wazee watano wenye vikombe vitano. Tulibadilisha mchoro mmoja, mkono ukimkabidhi mwenzake kikombe.

Simama hapa, usiendelee peke yako

Hitilafu nyingi utazimaliza kwa kalamu na kifutio. Kuna tatu ambazo hutakiwi kuzigusa bila mwenye ujuzi.

Ya kwanza ni wimbo. Watu hupenda kuegemeza mwisho kwenye taarabu ya zamani ili muziki ubebe hisia ambazo hadithi haijazibeba. Nchini Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi yenyewe ina haki yake pembeni. Wimbo kuwa wa zamani masikioni mwako hakumaanishi ni huru. Kabla ya kuujengea mwisho, uliza Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, au wakili wa hakimiliki, na upate ruhusa kwa maandishi. Ukikataliwa baada ya kuchora, umepoteza mwisho mzima.

Ya pili ni msiba wa kweli. Nimeletewa zaidi ya mara moja wazo la mtoto kwenye feri, na mgogoro ukawa feri kuzama. Hapa Mombasa hilo si tukio la kubuni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 walikufa, na jamaa zao tunaishi nao. Ukiona hadithi yako inaelekea huko kwa sababu tu unatafuta hatari kubwa, rudi dalili ya pili: kikombe kuvunjika kinatosha, mhusika akikihitaji vya kutosha. Ukiona msiba wenyewe ndio hadithi, acha kalamu, tafuta mtayarishaji aliyewahi kufanya kazi na familia zilizofiwa, na uzungumze na familia hizo kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Ya tatu ni kazi ya mteja. Kama kiini kimeshatiwa saini na malipo ya awali yamepokelewa, kisha ukagundua mgogoro haufanyi kazi, usiurekebishe kimyakimya ukitumaini atafurahi. Simamisha uchoraji siku hiyohiyo, mwandikie ukimwekea sentensi ya zamani na sentensi mpya kando kwa kando, na kama mkataba hausemi nani analipia mabadiliko, mpelekee mwanasheria ausome kabla hujachora fremu nyingine.